Picha ya mama yuko Kibirizi, nataka iwe kama kioo cha rangi cha kanisani

"Shikamoo kaka. Nina picha ya mama mwaloni Kibirizi jioni jua linazama, ameshika mgebuka, nyuma ni ziwa na mitumbwi. Nataka iwe kama vile vioo vya rangi vya kanisani, niprinti A3 nimpe zawadi. Nimepiga filta ya Stained Glass imetoka kama sega la nyuki, uso wa mama hauonekani kabisa. Laptop yangu RAM 4, nina GIMP pia. Nakosea wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Hujakosea kitu, ni ile filta yenyewe haiangalii picha yako. Inachofanya ni kutawanya nukta ovyo juu ya picha, kila nukta inajimegea eneo la karibu yake, eneo linajazwa rangi moja na pembeni inapigwa mstari. Haijui hapa ni jicho na hapa ni ziwa, kwa hiyo mstari unapita katikati ya pua na kipande kimoja kinakula nusu shavu nusu anga. Ukipunguza Cell Size uso unaanza kurudi lakini hapo unapata kitu kama vigae vidogo vidogo vya bafuni, sio kioo. Ukiongeza unapata sega. Hakuna namba ya katikati itakayokuokoa, nshahangaika nayo sana zamani.

Kioo cha kweli kinaanza na mistari. Fundi anachora kwanza wapi risasi itapita, yaani ile mistari ya madini ya risasi inayoshikanisha vioo, ndo anakata vioo kufuata mchoro. Na wewe fanya hivyo hivyo, chora mistari kwa mkono wako ndani ya GIMP, inachukua jioni mbili hivi lakini inatoka.

Kabla ya mistari kuna tatizo moja kwenye picha yako nalijua hata sijaiona. Kibirizi hapo Kigoma ziwa liko magharibi, jua linazamia upande wa Kongo, kwa hiyo mama akisimama mwaloni jioni ziwa likiwa nyuma yake, jua liko mgongoni kwake na uso umekuwa giza. Ukichukua rangi ya uso hivyo hivyo utapata karibu nyeusi, na nyeusi ndo rangi ya risasi, uso utamezwa. Fungua Colors, Shadows-Highlights, vuta Shadows mpaka 60 au hata zaidi, usijali picha ikitoa chengachenga, hatuitumii kama picha tena, tunaitumia kuona umbo na rangi tu. Alafu nenda Image, Scale Image, weka 2339 kwa 3307, hiyo ni A3 kwa 200 dpi inatosha kabisa, ukienda 300 laptop yako itaanza kulia ukifikisha leya nane. Kama picha haina uwiano wa A3 ikate kwanza, usiivute ikarefuka.

Sasa mistari. Chukua Paths tool, kitufe cha B, usitumie brashi kama una mausi tu mkono utatetemeka na mistari itaonekana ya mtoto. Bonyeza nukta, vuta kupinda, endelea. Ukitaka kuanza mstari mwingine kwenye njia ile ile shika Shift ukibonyeza. Uzuri wa njia ni kwamba inabaki ndani ya faili la .xcf, ukiona mistari imekuwa minene unafuta leya unapiga upya kwa unene mwingine, hurudii kuchora. Ukimaliza tengeneza leya mpya tupu iite risasi, Edit, Stroke Path, rangi sio nyeusi kabisa, mimi naweka #1a1a1c. Unene hesabu kwa milimita sio kwa kukisia: kwa 200 dpi milimita moja ni karibu pikseli 8, risasi ya milimita 4 ni pikseli 31, ya milimita 2 ni 16. Nagawa njia mbili, moja ya mistari mikubwa inayomzunguka mama na samaki na fremu ya nje, ile napiga 30, nyingine ya mistari ya ndani ya anga na maji napiga 18. Ukipiga yote unene mmoja macho hayajui aangalie nini.

Wapi mstari upite, hapa tulia kidogo maana ndo kazi yote iko hapa. Kioo ni kitu kinachovunjika, na mtu anayetazama hata kama hajui ufundi ataona kuna kitu hakijakaa sawa ukichora kipande ambacho hakiwezi kukatwa. Mstari hauishii hewani, kila mstari unagonga mstari mwingine au fremu, kwa sababu risasi ndo inashika vioo viwili, ikiishia katikati ya kioo haishiki kitu. Hakuna kipande kilichozungukwa na kipande kimoja kama tundu la bangili, fundi hawezi kutoboa shimo katikati ya kioo, kwa hiyo jua lako la duara kwenye anga lazima litoe mistari minne mitano ya kwenda nje kuigawa anga, na ukiitoa kama miale unapata bure kabisa ule mwonekano wa kanisani. Na hakuna kona ya kuingia ndani kwa ghafla kama herufi L, kioo kitapasuka hapo hapo kwenye kona, ukikutana na umbo kama hilo (chini ya kwapa, kati ya mkono na samaki) anzisha mstari kutoka kwenye kona uende mpaka mstari wa jirani.

Kwa picha yako ningepanga hivi. Anga vipande kama 18, vinatoka kwenye jua. Maji vipande 20 na kitu, virefu vya kulala, vyembamba karibu na upeo na vinene chini miguuni, hivyo tu vinatosha kuonyesha umbali. Mitumbwi, usichore kila mmoja, chagua miwili, kila mmoja kipande kimoja kirefu. Mgebuka ni samaki mwembamba, mgawe vinne tu, kichwa, mgongo, tumbo na mkia, usiguse magamba. Kanga ya mama ndo tamu kuliko vyote, pindo lake tayari ni mstari, fuata pindo, alafu fuata mikunjo mikubwa mitatu minne inayoshuka kutoka begani, maua ya kanga yaache yote, labda ua moja kubwa la kifuani ulipe vipande vitano. Jumla visizidi vipande 80 au 90. Zaidi ya hapo unarudi kwenye sega.

Na uso? Uso usiukate. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanapitisha mistari kwenye pua na kwenye mashavu mama wa watu anaonekana amepasuka. Nenda kanisa lolote lenye vioo vya zamani, sogea karibu kabisa na dirisha, mimi nilifanya hivyo hapa Tabora asubuhi moja baada ya ibada watu wameshatoka, nikasimama hatua moja kutoka kwenye kioo. Uso wa mtakatifu ni kipande kimoja tu. Macho, nyusi, mstari wa pua, midomo, vyote vimepakwa kwa rangi nyeusi ya kahawia juu ya kioo, unaona mpaka michirizo ya brashi, rangi yenyewe ni unga wa kioo na oksidi ya chuma au shaba unapakwa alafu kioo kinachomwa kwenye tanuru ile rangi inashikana nacho. Risasi inapita kwenye ukingo wa kitambaa na chini ya kidevu basi.

Kwa hiyo uso wa mama unakuwa kipande kimoja, shingo kingine, mikono kila mmoja kimoja. Ule upako tunauiga hivi: nakili leya ya picha (ile uliyoinua vivuli), kata ubaki uso tu, Colors, Desaturate, alafu Colors, Threshold, sogeza taratibu mpaka ibaki nyusi, macho, kivuli cha chini ya pua na mstari wa katikati ya midomo. Ukiona shavu zima limegeuka jeusi umepitiliza, rudi nyuma. Alafu Gaussian Blur ya pikseli 2 tu kulainisha meno meno, leya iweke Multiply na Opacity 80, sehemu nyeupe inapotea yenyewe unabaki na upako. Kama jicho moja limepotea kwenye kivuli lichore kwa brashi, ni mistari mitatu, usiogope.

Rangi za vipande sasa. Simama kwenye leya ya risasi, chukua Fuzzy Select kitufe cha U, hakikisha Select transparent areas imewekwa tiki na Sample merged haina tiki, bonyeza katikati ya kipande. Vidoti vinavyotembea vikizunguka kipande kimoja uko salama, vikikimbilia na kipande cha jirani kuna mahali mstari haujagusana, tafuta ule mwanya uuzibe, kawaida uko kwenye makutano. Alafu Select, Grow, weka pikseli 6. Usiruke hii, bila hiyo rangi inaishia pale pale risasi inapoanzia na utaona uzi mweupe mwembamba kila pembeni, kwenye skrini hauonekani sana ila kwenye karatasi unaonekana mpaka unachukia. Ukishakuza, hamia leya mpya uliyoiita vipande, iliyo chini ya risasi, mwaga rangi kwa Bucket Fill ukiwa umechagua Fill whole selection.

Rangi gani? Watu wanakwambia chukua wastani wa rangi zote ndani ya kipande. Kwenye anga sawa, inafanya kazi, Color Picker ina Sample average weka radius 30 inakupa. Kwenye kanga haifanyi kazi kabisa, nyekundu ya ua na kijani ya jani ukizichanganya unapata tope, ndo maana picha nyingi za hivi zinatoka za kahawia zimechoka. Kwenye kanga chagua rangi inayotawala, ichukue mahali ilipo safi, alafu fungua dirisha la rangi ongeza S, ule ukolezo wa rangi, mpaka 70 au 80. Mgebuka wastani wake ni kijivu na kijivu kwenye kioo inaonekana kama kioo kichafu, mpe bluu nyepesi sana ya barafu mgongoni na nyeupe ya manjano kidogo tumboni, kila mtu wa Kigoma atamjua tu. Ngozi ya mama mpe rangi ya asali iliyoiva, kitu kama #8f5630, ing'ae lakini ibaki ngozi yake, usiipandishe mpaka ikawa ya mtu mwingine kwa sababu tu unataka mwanga.

Na vipande vya rangi moja visiwe sawasawa. Anga la machungwa vipande 18 ukivijaza rangi ile ile unapata karatasi ya rangi iliyopigwa mistari. Kioo cha kuyeyusha hakitoki sawa, kila kipande badilisha V, ule mwangaza wa rangi, kidogo, pandisha nne shusha sita, na kimoja kimoja sogeza rangi yenyewe kuelekea nyekundu au njano. Fanya ovyo ovyo kwa makusudi.

Nikija kwenye mwanga nakuomba uelewe kitu kimoja kwanza maana namba zote zinatokana na hicho. Kioo cha kanisani ukikiangalia mchana ukiwa nje ni cheusi cheusi, hakina maana, ukiingia ndani ndo kinawaka. Mwanga unatoka nyuma yake, unapita kwenye kila kipande. Picha yako mwanga ulipiga vitu kutoka upande mmoja, kwa hiyo ina upande wa jua na upande wa kivuli. Kwenye kioo hakuna upande wa kivuli. Kipande cha kanga kilichokuwa kwenye kivuli cha mkono lazima nacho kiwake kama anga inavyowaka, tofauti iwe ya rangi sio ya giza. Mimi naangalia V ya kila kipande, kikiwa chini ya 45 nakipandisha, isipokuwa bluu iliyokolea ya maji ya mbali na mtumbwi. Na risasi, kwa sababu mwanga uko nyuma yake, wewe unaona mgongo wake wenye giza tu. Kwa hiyo ile mbinu ya kuipa risasi mng'ao wa chuma na kuifanya ivimbe kama bomba naiona ni kosa kabisa, inamwambia mtazamaji taa iko mbele, na taa ikiwa mbele kioo kimezima. Acha risasi iwe bapa na nyeusi.

Leya za mwanga ni nne na zote nyepesi. Ya kwanza juu ya vipande, Filters, Render, Noise, Solid Noise, weka Soft light Opacity 25, inaleta yale mawimbi ya kioo, kama ina madoa madogo mengi punguza X Size na Y Size iwe na mawingu makubwa. Ya pili mwanga wa jua, leya mpya, Gradient ya Radial kutoka kwenye jua, njano nyepesi #fff2c4 kwenda kahawia ya giza pembeni, Soft light Opacity 35, usizidishe ukaua kona. Ya tatu nakili leya ya risasi, iweke chini ya risasi, Gaussian Blur pikseli 15, Multiply, Opacity 50, hii inafanya ukingo wa kila kipande uwe na giza kidogo na katikati iwake, kwenye vioo vya kweli ukingoni ndo kunakaa saruji na vumbi la miaka. Watu wakiniuliza ni nini hasa kinafanya ionekane kioo nawaambia ni hii ya tatu, izime na kuiwasha utaona mwenyewe.

Leya ya nne inakaa juu ya kila kitu mpaka juu ya risasi. Layer, New from Visible, Gaussian Blur pikseli 40, Screen, Opacity 20 au 25. Mwanga mkali unavuja kwenye macho yetu na kula ukingo wa kitu cheusi kilicho mbele yake, risasi iliyo pembeni ya jua inaonekana nyembamba kuliko ilivyo, na hii leya inaiga hilo. Kipimo ni kwamba risasi karibu na jua iwe imelainika kidogo kwa rangi ya machungwa, lakini risasi ya chini kwenye kanga ibaki nyeusi. Risasi yote ikigeuka kijivu umezidisha, rudi mpaka 15. Nimeona kazi nyingi zimefia hapa, mtu anapenda ule mng'ao anavuta, anavuta, mwisho picha nzima imekuwa na ukungu kama kioo cha gari asubuhi ya masika.

Leya ya upako wa uso iweke kati ya kivuli cha risasi na risasi yenyewe, ipate mng'ao wa juu nayo. Alafu kabla hujasave punguza picha kwenye skrini mpaka iwe ukubwa wa stempu. Ukimuona mama, samaki na jua bila kujiuliza, mistari yako iko sawa. Ukiona mama ameungana na maji, kanga na maji vimekuwa na rangi za karibu, badilisha maji sio kanga.

Kuhusu kuprinti, kwenye skrini mwanga unatoka nyuma kweli kwa hiyo picha itakudanganya, kwenye karatasi itashuka, hasa bluu, bluu kali ya skrini wino hauiwezi inatoka imeelekea zambarau au imefifia. Sogeza bluu ya maji kuelekea kijani cha ziwa kidogo, ongeza mwanga wa picha nzima kidogo kwa Levels kwenye nakala, na fremu ya nje iache nyeusi pana sentimita moja na nusu hivi, jicho likiona nyeusi pembeni linaona rangi za ndani zinawaka. Mwambie jamaa wa stationary akutolee kwanza kipande cha A5 chenye uso na jua na maji kidogo kwenye karatasi ile ile ya mwisho, lipia hicho, kitazame mchana nje na usiku kwenye taa, ndo urekebishe.

Ila kama hela inaruhusu, usiprinti kwenye karatasi ya picha. Ulizia ile plastiki nyeupe ya maziwa wanayotumia kwenye mabango ya taa, fundi seremala akutengenezee boksi la mbao la kina cha sentimita 8, ndani lipake rangi nyeupe, zungushia mkanda wa LED nyeupe kwenye kuta za pembeni sio chini, ukiweka chini utaona vitone vya taa kupitia uso wa mama. Kwa njia hii mwanga unapita na kwenye wino, kwa hiyo nyeusi ya risasi itageuka kahawia hafifu, waombe waprinti mara mbili juu ya ile ile kama mashine yao inaweza, ikishindikana fuata risasi kubwa za nje kwa mkanda mweusi mwembamba ubandike kwa nyuma. Na hapo ile leya ya nne izime kabla ya kuprinti, taa yenyewe itafanya kazi hiyo.